Imeili moja, makosa tisa ya ng': kisa cha ng'ombe na wageni wa ng'ambo

Hii kazi niliangushiwa saa nne asubuhi, imeili itoke kabla ya saa sita. Kaka wa idara ya mifugo kaandika rasimu, mkuu kaisoma juu juu kaona haijakaa sawa lakini hajui wapi, akanifowadia na mstari mmoja tu: "Hebu pitia hizi koma za juu." Koma za juu ndo apostrofi, waliosoma vitabu vya sarufi wataiita ritifaa. Rasimu yenyewe hii hapa, nimeiacha kama ilivyokuja:

YAH: UGENI KUTOKA NGAMBO NA CHANJO YA N'GOMBE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Wageni wetu wa kutoka ngambo watafika shambani tarehe 14. Kabla ya siku hiyo n'gombe wote wawe wamechanjwa, vibao vya zamani vingolewe, na taa zote za mazizi zing'ae. Tumengamua kuwa mifugo mingine haina hereni na hii ni chang'amoto kubwa. Bwana Ochieng atang'oja wageni getini. N`tashukuru kwa ushirikiano.

Isome tena taratibu. Makosa yako tisa, na ukihesabu na jina la Bwana Ochieng ambalo sio kosa ila ni swali, yanakuwa mambo kumi ya kushughulikia kwenye aya moja. Neno lenye ng' lililoandikwa sawa ni moja tu, zing'ae.

Cha kwanza nilichojiuliza sio nirekebishe vipi, ni huyu mtu kakosea kwa mpango gani, maana makosa ya apostrofi hayafanani. Hapo yapo ya aina nne. Kuna aliposahau (ngambo, vingolewe, tumengamua). Kuna alipoiweka lakini sehemu siyo (n'gombe). Kuna alipoipachika pasipohitaji (chang'amoto, atang'oja). Halafu kuna ile ya mwisho kabisa ambayo hata alama yenyewe sio apostrofi, nitaifikia, hiyo ndo iliyonikera.

Nikampigia. Akaniambia mwezi uliopita alipelekwa puta na mkuu mbele ya watu kwa kuandika "ngombe", kwa hiyo siku hizi akiona ng anaweka tu alama asije akaaibika tena. Hapo ndo nikaelewa chang'amoto imetokea wapi. Na n'gombe? Akasema kwani si ni kama n'takuja, herufi imemezwa inawekwa alama? Na hilo ndo wengi wanalifikiria, kwamba apostrofi ni kaburi la herufi iliyokufa. Kwenye n'takuja ni kweli, i ya "nita" imemezwa. Kwenye ng'ombe hakuna herufi iliyokufa. Hapo n, g na alama ni timu moja, zote tatu zinaandika sauti moja, na alama inakaa baada ya g kwa sababu inachosema ni kwamba hiyo g usiigonge, iishie puani. Ukiiweka kati ya n na g umevunja timu, msomaji anabaki na n peke yake halafu "gombe", ambalo nalo ni neno lingine kabisa.

Tena hapo kwenye gombe pana kitu kizuri. Ng'ombe ukimkuza anakuwa gombe, ukimdogesha anakuwa kigombe, na apostrofi inapotea yenyewe, kwa sababu sauti ya puani imeondoka ikabaki g safi. Usije ukaandika king'ombe ukidhani unakuwa makini.

Sasa kazi yenyewe. Nikaikopi rasimu nikaipesti kwenye Word. Kikagua tahajia nilikizima kabisa, maana kwenye kompyuta yangu Kiswahili hakijawekwa kwa hiyo kila neno lilikuwa na mstari mwekundu, changamoto na chang'amoto zote nyekundu sawasawa, hapo kinakusaidia nini. Nikaenda kwa njia ya mzunguko miwili, njia ambayo naitumia siku zote na mpaka siku hiyo nilidhani haina tundu.

Mzunguko wa kwanza ni Ctrl+F natafuta `ng`, nasimama kwenye kila moja nasema neno kwa sauti. Sio kichwani, kwa sauti kabisa, hata kama jirani ananiangalia. Ninachosikiliza ni kitu kimoja: kabla ya irabu, g inagonga au haigongi? Sema ngoja. Sema ngoma. Sema changamoto. Kuna kigongo kidogo pale kwenye koo kabla ya o au a, unakisikia. Sasa sema ng'ara. Hakuna kigongo, sauti inateleza kutoka puani moja kwa moja mpaka kwenye a. Kama hujapata tofauti, jaribu kuivuta, ng'ng'ng'ng' kama nyuki, halafu ingia kwenye irabu bila kukatisha. Ukiweza kuingia na neno likabaki kuwa neno lako, apostrofi inahitajika. Ngoma ukiivuta hivo ukaingia bila kugonga inakuwa ng'oma, sio kitu.

Kwa hiyo ngambo: sauti inateleza, ng'ambo, weka. Vingolewe: kitendo ni ng'oa, kwa hiyo ving'olewe, weka. Na hili ndo lenye hatari kuliko yote humo ndani, kwa sababu ngoa bila alama lipo kwenye Kiswahili, ni ile tamaa au wivu, ndo maana tunasema mtu analia ngoa. Ngambo msomaji atacheka kidogo aendelee, lakini ng'oa na ngoa ni maneno mawili yaliyo hai, na ukiandika ngoa mahali pa ng'oa kikagua tahajia hakitakuokoa hata ukikiwekea Kiswahili.

Tumengamua nayo sauti inateleza, tumeng'amua. Hili lilinichekesha maana huyu kaka ndo kila mwezi anaomba hela ya kulipia king'amuzi cha chumba cha mapumziko, na king'amuzi anakiandika vizuri kabisa na alama yake. Ni shina lile lile: ng'amua, king'amuzi, mng'amuzi, tumeng'amua. Alama inatembea na shina popote linapokwenda, ukiweka kiambishi mbele haibadiliki kitu. Kwa hiyo ukikwama kwenye kitenzi kilichojaa viambishi, vua viambishi vyote, angalia kinachobaki, halafu tafuta ndugu yake unayemjua. Zing'ae ukiivua inabaki ng'aa, ndugu yake mng'ao. Sawa, inabaki kama ilivyo.

Mtihani wa sikio una mpaka wake lakini, niseme ukweli. Unafanya kazi kwa mtu ambaye mdomo wake unatofautisha. Wapo watu wazima, Kiswahili wanakiongea kila siku, ng'ombe wanamtamka na g inayogonga kabisa, labda kwa sababu ya lugha ya nyumbani au mazoea tu. Mtu huyo akijisikiliza atajidanganya kwa kujiamini. Kwake dawa ni kamusi, au amwombe mwenzake asome yeye asikilize. Hata mimi kuna maneno siyaamini mdomo wangu, ning'inia kwa mfano, hilo naendaga kamusi kila mara na kila mara nakuta alama ipo.

Mzunguko wa kwanza ukaisha. Sasa angalia kitu: n'gombe zote mbili zilipita. Nimetafuta `ng` na ndani ya n'gombe hakuna ng, kuna n, halafu alama, halafu g. Kompyuta haikuziona. Ndo maana ya mzunguko wa pili, kutafuta `'` yenyewe. Word ina uungwana hapo, ukitafuta ile iliyonyooka inakuletea na iliyopinda. Zikaja n'gombe mbili nikazinyoosha. Chang'amoto na atang'oja nilikuwa nimeshazinasa mzunguko wa kwanza, maana changamoto na ngoja zote g inagonga, alama nikaitoa. Hapa nikuonye: usijaribiwe kufanya Replace All. Ukisema kila ngo iwe ng'o utapata ng'ombe wako safi, na utapata mlang'oni, mang'o, na bosi wako ataombwa kung'oja. Nilishafanya mara moja, sirudii ng'o. (Hilo ng'o la mwisho linataka alama.)

Mizunguko miwili imekwisha, nikajisifu, nikamrudishia mkuu. Dakika tatu akarudisha: "Na hii ya mwisho?"

N`tashukuru. Angalia vizuri. Hiyo sio apostrofi, ni ile alama ya kuegemea kushoto inayokaa kwenye kibodi nyingi chini ya Esc, pembeni ya 1. Kaka kabonyeza kitufe kingine kabisa. Mzunguko wa kwanza haukuiona kwa sababu hakuna ng, wa pili haukuiona kwa sababu sio `'`. Jicho nalo lilipita kwa sababu kwenye fonti ile ndogo zinafanana kama mapacha. Kwa hiyo njia yangu ina tundu, na tangu siku hiyo naongeza mzunguko wa tatu wa sekunde kumi, natafuta `` ` `` na ile nyingine `´` inayoegemea upande wa pili.

Na hata ingekuwa apostrofi sahihi bado isingekaa. N'takuja, n'nakwenda, hayo ni ya mazungumzo na mashairi, mule yana haki yake. Kwenye imeili yenye YAH juu unaandika nitashukuru kwa ukamilifu. Kwenye Kiswahili cha ofisini apostrofi imebaki na kazi moja, ng', kwa hiyo ukiikuta imekaa mahali pengine popote nje ya jina la mtu au la mahali, itilie shaka.

Nimesema jina. Bwana Ochieng. Majina ya aina hii mara nyingi huandikwa na alama mwishoni, Ochieng', na mkono wangu ulikuwa umeshaenda kuiweka. Nikauzuia. Jina la mtu halisahihishwi kwa sikio, wala kwa kamusi, linaandikwa anavyoliandika mwenyewe. Kuna Nyong'o na kuna wanaoacha alama, kuna Ng'ang'a na kuna Nganga, na wote wako sahihi kwenye vitambulisho vyao. Nikamtumia ujumbe mfupi: "Bwana, jina lako lina alama mwishoni au halina?" Akajibu kitambulisho hakina, na yeye hajawahi kuiweka. Ikabaki Ochieng. Majina ya mahali ni kinyume chake, yale mara nyingi yana tahajia moja inayojulikana, Chang'ombe ni Chang'ombe na Hanang' ina alama mwisho kabisa na haihitaji ridhaa ya mtu.

Nikadhani nimemaliza, kumbe imeili ina kiambatisho. Orodha ya mazizi kwenye Excel, mistari 46, safu ya B ni aina ya mifugo. Kwenye mwili wa imeili baadaye mkuu alitaka kuongeza "mazizi 31 ya ng'ombe", na fomula kule chini ya orodha ilikuwa inasema 19. Fomula yenyewe:

```
=COUNTIF(B:B,"ng'ombe")
```

Haina kosa. Kosa ni kwamba kwenye safu ile ng'ombe wameandikwa kwa namna tatu. Waliotipu kwenye kompyuta waliweka alama iliyonyooka, hao ndo 19. Wanne hawakuweka kitu, ngombe. Na nane walijaza kwa simu, na simu nyingine zinageuza alama zenyewe kuwa iliyopinda, ’. Kwa macho yetu ng'ombe na ng’ombe ni mnyama mmoja, kwa Excel ni wawili. Ukitaka kujua yupi ni yupi bila kukodoa macho, muulize herufi ya tatu:

```
=UNICODE(MID(B7,3,1))
```

Ikijibu 39 ni iliyonyooka, ikijibu 8217 ni iliyopinda, ikijibu 111 basi hapo hakuna alama kabisa, umeshaingia kwenye o. Zile nane nikazinyoosha kwa safu ya pembeni:

```
=SUBSTITUTE(B7,UNICHAR(8217),"'")
```

majibu nikayapesti juu ya safu B kama thamani tu, na zile nne kwa mkono, nne tu, nikipiga fomula kwa nne ni kujitafutia kazi. Hesabu ikaja 31.

Halafu safu hiyo hiyo ilikuwa na uchafu mwingine. Mtu alitaka kila neno lianze na herufi kubwa akatumia PROPER, na PROPER inaamini kila kinachofuata kitu kisicho herufi ni mwanzo wa neno jipya. Kwa hiyo orodha nzima ilikuwa imejaa "Ng'Ombe". COUNTIF haijali kubwa na ndogo kwa hiyo hesabu haikuathirika, ila umuoneshe mgeni orodha yenye Ng'Ombe mara 27, hapana. Ukiipa Murang'a inakutolea Murang'A, ukiipa Ng'ang'a inakutolea Ng'Ang'A, jina la mtu limekuwa kama nywila. Nikarudisha yote kuwa herufi ndogo kwa LOWER, ni aina ya mifugo tu, haidai heshima ya herufi kubwa.

Saa tano na nusu. Imeili inatoka kupitia ule mfumo wa kutuma kwa watu wengi, nikajitumia ya majaribio kwanza. Mwili safi. Kichwa cha habari kikaja hivi:

YAH: UGENI KUTOKA NG'AMBO NA CHANJO YA NG'OMBE

Hiyo 39 umeshaiona, ndo ile ile iliyonyooka. Mfumo unaiogopa, kwa sababu kwenye kodi za kurasa alama hiyo inafungia maneno, kwa hiyo unaigeuza kuwa `'` na mwilini inageuzwa kurudi lakini kwenye kichwa cha habari hairudishwi. Waliotengeneza mfumo ndo wa kurekebisha, na mimi nilikuwa na nusu saa. Nikaweka iliyopinda, NG’AMBO, NG’OMBE, nikajitumia tena, ikaja vizuri. Yaani nimetoka kunyoosha zote kwenye Excel halafu napinda mbili kwenye kichwa cha habari, najua inavyosikika, lakini kwenye orodha kinachotakiwa ni zifanane ili zihesabike, na kwenye kichwa kinachotakiwa ni kisomeke.

Iliyopinda nayo ina maringo yake. Mfumo wa zamani ukiisoma kwa usimbaji usio wake inakuja "ngâ€™ombe", na ukiona hivo ujue alama yenyewe ilikuwa sahihi na shida iko kwenye usimbaji. Nilijitumia na kwenye anwani nyingine mbili kuhakikisha, zote zikaja vizuri.

Ikatoka saa sita kasoro dakika nane. Mwili wa mwisho ulikuwa hivi:

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Wageni wetu wa kutoka ng'ambo watafika shambani tarehe 14. Kabla ya siku hiyo ng'ombe wote katika mazizi 31 wawe wamechanjwa, vibao vya zamani ving'olewe, na taa zote za mazizi zing'ae. Tumeng'amua kuwa mifugo mingine haina hereni na hii ni changamoto kubwa. Bwana Ochieng atangoja wageni getini. Nitashukuru kwa ushirikiano.

Mchana mkuu akapita mezani kwangu na simu mkononi, kaikuza picha mpaka mwisho, kidole kwenye jina la kiambatisho: orodha_ngombe.xlsx. "Na hii umeisahau?"

Sijaisahau mkuu, nikamwambia, kwenye majina ya mafaili alama hiyo naitoa makusudi, kuna mifumo inaikataa na kuna inayoigeuza kama ulivyoona asubuhi, jina la faili ni lebo tu. Akaitazama kidogo. "Mi ningeiita orodha_mifugo," akasema, akaondoka.

Na kweli ndani mlikuwa na mbuzi na kondoo.